Athari ya Hall: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Volti ya Kando na Ishara ya Vibebachaji

Athari ya Hall ni nini hasa?

Chukua ukanda bapa wa kitu kinachopitisha umeme, pitisha mkondo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha uweke ukanda huo ndani ya uga wa sumaku unaoupenya kutoka upande mmoja wa bapa hadi wa pili. Ukipima volti kati ya kingo mbili ndefu, yaani kwa kukingama na njia ya mkondo, utakuta tofauti ndogo ambayo haikuwepo kabla ya kuleta sumaku. Hiyo ndiyo volti ya Hall.

Edwin Hall aliipata mwaka 1879 akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, chini ya mwalimu wake Henry Rowland, akitumia karatasi nyembamba mno ya dhahabu iliyobandikwa juu ya kioo. Elektroni ilikuwa bado haijagunduliwa. Hiyo ilikuja mwaka 1897. Kwa hiyo Hall alikuwa na volti yenye ishara dhahiri mkononi, ila hakuna aliyeweza kusema ni kitu gani kinachosafiri ndani ya dhahabu.

Kwa nini volti hii ifichue ishara ya chaji, wakati maltimita ya kawaida haiwezi?

Hili ndilo kiini cha mambo yote, tulipe nafasi.

Amperimita haijui tofauti kati ya chaji chanya zinazokwenda kulia na chaji hasi zinazokwenda kushoto. Zote mbili ni mkondo wa kulia. Ukinzani vilevile hausemi lolote. Sumaku ndiyo inayotenganisha, na inafanya hivyo kwa njia ambayo watu wengi huitarajia kinyume.

Chora ukanda kwenye karatasi. Mkondo uende kutoka kushoto kwenda kulia. Uga wa sumaku utoke kwenye karatasi kuja usoni kwako. Nguvu ya sumaku juu ya chaji hutegemea zao la chaji na kasi yake. Chaji chanya ikienda kulia, zao hilo linaelekea kulia. Chaji hasi lazima iende kushoto ili mkondo ubaki wa kulia. Ishara imegeuka, na mwendo nao umegeuka, kwa hiyo zao linabaki linaelekea kulia. Matokeo yake ni kwamba nguvu haibadiliki: katika mchoro huu inasukuma vibebachaji kuelekea ukingo wa chini, viwe chanya au hasi.

Kwa hiyo usidhani chaji chanya zitasukumwa huku na hasi kule. Zote zinarundikana ukingo uleule. Kinachotofautiana ni rundo lenyewe. Kama vibebachaji ni chanya, ukingo wa chini unakuwa chanya kuliko wa juu. Kama ni hasi, ukingo huohuo unakuwa hasi. Rundo linaendelea kukua mpaka uga wa umeme unaotokana nalo uizuie nguvu ya sumaku, na baada ya hapo mkondo unaendelea kunyooka kama kawaida. Katika vipande vya kawaida hali hiyo ya utulivu hufikiwa papo hapo, kabla hujaangalia kioo cha maltimita.

Fomula yake ikoje?

```
V = I B / (n q t)
```

I ni mkondo, B ni uga wa sumaku, n ni idadi ya vibebachaji kwa kila mita ya ujazo, q ni chaji ya kimoja pamoja na ishara yake, na t ni unene wa ukanda kwa upande ule uga unaopenya. Upana haumo. Ukanda mpana una njia ndefu zaidi kati ya kingo, lakini kwa mkondo uleule vibebachaji vyake vinakwenda polepole zaidi, na mambo hayo mawili yanafutana.

Sehemu `1/(nq)` huitwa kizigeu cha Hall. Ishara yake ndiyo tunayoitafuta, na ukubwa wake unatupa n bila gharama ya ziada.

Volti hii ni kubwa kiasi gani? Maltimita ya kawaida inaiona?

Inategemea n kuliko kitu kingine chochote. Tuchukue kipande cha gerimani chenye urefu wa milimita 30, upana wa milimita 10 na unene wa milimita 1, kilichotiwa uchafu unaokifanya kiwe na vibebachaji chanya 10²¹ kwa kila mita ya ujazo. Pitisha miliampea 20 na ukiweke kwenye uga wa tesla 0.25. Juu ya mstari tunapata 0.02 × 0.25 = 0.005. Chini tunapata 10²¹ × 1.6 × 10⁻¹⁹ × 0.001 = 0.16. Ukigawanya, jibu ni takriban milivolti 31. Maltimita yoyote nzuri inaisoma.

Sasa weka shaba mahali pa gerimani, vipimo vilevile. Shaba ina elektroni huru zipatazo 8.5 × 10²⁸ kwa kila mita ya ujazo, na volti inashuka hadi kama nanovolti 0.4. Hiyo husomi kwa kifaa cha mezani. Ndiyo maana Hall alihitaji dhahabu nyembamba mno: kupunguza t ni mojawapo ya njia chache za kuikuza volti hii ndani ya metali. Anayetaka kujifunza ishara kwa mikono yake aanze na nusukipitishi kama gerimani, asijitese na shaba.

Nimepima mara moja nikapata volti hasi. Je, vibebachaji vyangu ni hasi?

Usiseme hivyo bado. Kipimo kimoja hakithibitishi chochote, na sababu yake si ndogo kama watu wanavyodhani.

Turudi kwenye gerimani yetu. Vibebachaji chanya ndani yake vina wepesi wa mwendo, yaani kasi vinayopata kwa kila kipimo cha uga wa umeme, wa takriban 0.19 m² kwa volti kwa sekunde. Ukipiga hesabu, mkondo wa miliampea 20 unaacha mshuko wa volti kwa urefu wa ukanda wa kama milivolti 66 kwa kila milimita. Sasa waya mbili za kando zimelehemiwa kwenye kingo kwa mkono. Zingepaswa kutazamana sawasawa. Tuseme waya mwekundu, unaotoka tundu chanya la maltimita hadi ukingo wa chini, umeteleza milimita 0.6 kuelekea kule mkondo unakoelekea. Mteremko huo peke yake unaingiza milivolti 40 hasi kwenye usomaji, hata sumaku ikiwa kabatini.

Weka sumaku, uga ukielekea kwako. Volti halisi ya Hall ni +31. Maltimita inaonyesha 31 − 40 = −9. Mtu anaandika kwenye daftari kwamba sampuli ina elektroni, na amekosea kabisa.

Geuza sumaku. Sasa volti ya Hall ni −31, kosa la waya halijabadilika, na maltimita inaonyesha −71. Toa usomaji wa pili kwenye wa kwanza: −9 − (−71) = 62. Gawanya kwa mbili, unapata +31. Nusu ya jumla yake, −40, ni lile kosa la waya, na ukiipima bila sumaku kabisa inapaswa kutoka karibu na hapo. Isipotoka karibu, kuna jambo jingine linaendelea, mara nyingi ukinzani wa sampuli umebadilika ndani ya uga au sampuli imepata joto kati ya vipimo viwili.

Kugeuza sumaku kunatosha, au nigeuze na mkondo pia?

Geuza vyote viwili. Kugeuza sumaku kunaondoa kosa la waya, na kunaondoa pia volti ndogo zinazozaliwa pale metali mbili tofauti zinapokutana kwenye joto tofauti, kwa sababu hizo hazijali sumaku.

Lakini kuna kitu kimoja kinachobaki. Kama mwisho mmoja wa ukanda una joto kuliko mwingine, joto linalotiririka ndani ya uga wa sumaku linazaa volti ya kando yake lenyewe, iitwayo athari ya Nernst. Hiyo hugeuka pamoja na sumaku, kwa hiyo inapenya kwenye kutoa kwetu ikijifanya volti ya Hall. Ila haigeuki mkondo unapogeuzwa. Basi pima mara nne, ukiita V1 ile ya mkondo chanya na uga chanya, V2 mkondo chanya na uga hasi, V3 mkondo hasi na uga chanya, V4 zote hasi:

```
V = (V1 - V2 - V3 + V4) / 4
```

Kwa mfano wetu namba nne ni −9, −71, +9 na +71, na jibu ni +31. Kuna mwenzake mmoja, athari ya Ettingshausen, anayegeuka na vyote viwili sawa na Hall yenyewe, na hawezi kuondolewa kwa njia hii. Kwa kawaida ni mdogo. Anayemwogopa hutumia mkondo wa kwenda na kurudi, ili joto lisipate muda wa kujipanga.

Nitajuaje uga wangu unaelekea wapi kweli?

Swali zuri, kwa sababu ukubwa wa volti unaweza kutoka sahihi kabisa huku ishara ikiwa kinyume, na hakuna namba itakayokuonya. Usiamini rangi iliyopakwa kwenye sumaku. Tumia dira: ile ncha ya sindano inayoelekea kaskazini mwa dunia huvutwa na ncha ya kusini ya sumaku, na mistari ya uga hutoka ncha ya kaskazini ya sumaku na kuingia ya kusini. Ila usiiweke dira katikati ya sumaku zenye nguvu, sindano inaweza kugeuzwa usumaku wake moja kwa moja na kuanzia siku hiyo ikakudanganya. Isogeze polepole kutoka mbali.

Baada ya hapo fuatilia nyaya kwa kidole kutoka kwenye chanzo hadi kwenye ukanda, na kutoka ukingoni hadi kwenye tundu la maltimita. Makosa mawili ya nyaya yanafutana na kukupa jibu sahihi kwa bahati, na kesho ukibadilisha waya mmoja kila kitu kinapinduka. Mimi naona dawa ya kweli ni kuwa na sampuli ya marejeo: kipande cha silikoni kilichotiwa fosforasi, ambacho kinajulikana bila ubishi kuwa kinabebwa na elektroni. Kipime kwanza. Kikitoa ishara hasi, mpangilio wako uko sawa.

Kama kinachosogea ndani ya kila kitu kigumu ni elektroni, ishara chanya inatoka wapi?

Hapa ndipo maelezo mengi yanapokwepa. Huelezwa kwamba elektroni inarukia nafasi tupu, nafasi inarudi nyuma, na hiyo nafasi tupu, yaani tundu, inaonekana kama chaji chanya. Maelezo hayo hayatoshi. Ukiyafuata kwa uaminifu, waliosogea bado ni elektroni, na tumeshaona hapo juu kwamba elektroni zinazobeba mkondo wa kulia hurundikana ukingo wa chini na kuufanya hasi. Tundu la namna hiyo lisingetoa ishara chanya.

Kilichokosekana ni fuwele yenyewe. Elektroni ndani ya fuwele haiko peke yake; inapita katikati ya atomu zilizopangwa, na atomu hizo nazo zinaisukuma. Nishati zinazoruhusiwa zimejikusanya katika bendi. Elektroni iliyo karibu na sakafu ya bendi huitikia nguvu ya nje kama tunavyotarajia. Iliyo karibu na dari ya bendi huitikia kinyume: ukiisukuma mbele, fuwele inairudisha nyuma zaidi ya ulivyosukuma, na kasi yake inabadilika kuelekea upande ulio kinyume na nguvu yako. Ni kana kwamba uzito wake ni hasi.

Sasa bendi iliyojaa kabisa haibebi mkondo, kwa sababu kila elektroni inayokwenda huku ina mwenzake anayekwenda kule. Ondoa moja karibu na dari, na mkondo unaobaki ni ule wa chaji chanya moja iliyo na kasi ya nafasi ile iliyoachwa wazi. Kasi hiyo hubadilikaje chini ya uga wa umeme na wa sumaku? Chaji hasi gawanya kwa uzito hasi, jibu ni chanya. Nafasi ile inapinda ndani ya uga wa sumaku sawasawa na chembe yenye chaji chanya na uzito wa kawaida. Ndiyo maana ukingo wa chini unakuwa chanya kweli, kwa volti ambayo maltimita inaihisi.

Kwa miaka mingi ishara chanya katika baadhi ya metali, zinki ikiwemo, ilibaki kitendawili. Fizikia ya zamani ya elektroni huru haikuwa na njia ya kuieleza. Mwaka 1929 Rudolf Peierls ndiye aliyeonyesha kwamba bendi iliyokaribia kujaa inatoa ishara hiyo yenyewe.

Je, ishara moja ina maana kwamba kuna aina moja tu ya kibebachaji?

La. Na mfano mzuri wa kuliona hili ni gerimani ileile tuliyonayo. Ipashe joto polepole huku ukipima. Mwanzoni volti ni chanya. Joto linapopanda, volti inapungua, inafika sifuri, kisha inakuwa hasi. Sampuli haijaharibika, na ukiiacha ipoe ishara chanya inarudi.

Kilichotokea ni kwamba joto linang'oa elektroni kutoka bendi ya chini na kuzipandisha ya juu, kila moja ikiacha tundu nyuma. Kwa hiyo elektroni na matundu yanaongezeka kwa idadi sawa, lakini matundu ya awali kutokana na uchafu bado yapo. Maana yake matundu daima ni mengi kuliko elektroni. Basi kwa nini elektroni zinashinda?

Kwa sababu ya wepesi. Katika gerimani elektroni ina wepesi wa karibu mara mbili ya tundu. Na wepesi huo unahesabiwa mara mbili: kwanza elektroni inakwenda kasi zaidi kwa urefu wa ukanda, hivyo nguvu ya sumaku juu yake ni kubwa zaidi, pili, kwa nguvu hiyo hiyo inasogea kando haraka zaidi. Zote mbili, elektroni na matundu, zinamiminika ukingo wa chini, na ishara inaamuliwa na nani anaongeza chaji zaidi. Ukiandika b kwa uwiano wa wepesi wa elektroni kwa tundu, p kwa idadi ya matundu, n kwa elektroni na e kwa ukubwa wa chaji ya elektroni bila ishara, kizigeu cha Hall katika uga usio mkali ni:

```
R = (p - n b²) / (e (p + n b)²)
```

Kwa b = 2, volti inafika sifuri pale p inapokuwa mara nne ya n. Matundu yanayotokana na uchafu ni tofauti ya p na n, yaani mara tatu ya n. Kwa sampuli yetu ya 10²¹, hiyo inatupa elektroni kama 3.3 × 10²⁰ na matundu 1.33 × 10²¹ kwa kila mita ya ujazo. Gerimani hufikia hali hiyo karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Hapo volti ya Hall ni sifuri ilhali ndani ya ukanda kuna vibebachaji vingi kuliko tulivyoanza navyo. Anayechukua sifuri hiyo na kuiweka kwenye `1/(nq)` atapata n isiyo na mwisho, upuuzi mtupu.

Vipi kuhusu chuma?

Chuma acha pembeni kwanza kama unachotafuta ni ishara ya vibebachaji. Hall mwenyewe aliona mapema kwamba chuma kinatoa ishara kinyume na dhahabu. Lakini katika vitu vinavyoshika usumaku kama chuma, sehemu kubwa ya volti ya kando inafuata usumaku wa ndani ya kitu chenyewe, si uga ulioweka wewe. Dalili yake ni rahisi kuona: ukiongeza uga, volti inapanda kwa kasi, kisha mstari unapinda na kuendelea kwa mteremko mdogo mara usumaku unapojaa. Ule mteremko mdogo wa baadaye ndio wenye habari za vibebachaji. Kusoma ishara kwenye sehemu ya mwanzo ni kosa.

Umbo la ukanda lina umuhimu?

Ndiyo. Urefu uwe angalau mara tatu ya upana. Metali za kuingizia mkondo kwenye ncha mbili zinaunganisha kingo za juu na chini, kwa hiyo karibu nazo volti ya kando inafutika. Ukanda mfupi unakupa volti pungufu, ingawa ishara inabaki ileile.

Nina njia nyingine ya kuthibitisha ishara bila sumaku?

Ipo, na ni ya dakika moja. Gusisha ncha mbili za maltimita kwenye sampuli, moja ikiwa imepashwa joto kwa chuma cha kulehemu na nyingine baridi. Vibebachaji hukimbia kutoka kwenye joto. Vikiwa matundu, sehemu ya moto inabaki hasi. Vikiwa elektroni, inabaki chanya. Kwa silikoni au gerimani iliyotiwa uchafu wa kutosha, jibu hili na la Hall yanakubaliana.

Yakikataa kukubaliana, usikimbilie kutupa kimojawapo. Katika njia hii ya joto wepesi unahesabiwa mara moja tu, si mara mbili, kwa hiyo ishara inageuka pale p inapokaribia mara mbili ya n, si mara nne. Katikati ya mipaka hiyo miwili gerimani iliyopashwa joto itakupa Hall hasi na ncha ya moto inayosema vibebachaji ni chanya, na vipimo vyote viwili vitakuwa sahihi.